Tarehe Juu ya Harusi: Namna ya Kuiondoa Kwenye Kanda za Zamani

Swali ni lilelile, ila kila mtu huliuliza kwa namna yake. Mmoja anasema, "Fundi, ile tarehe ya pembeni inatoka?" Mwingine ananionyesha simu na kunung'unika kwamba uso wa marehemu baba yake umepitiwa na namba nyeupe dakika nzima. Wa tatu ana hasira kwa sababu tarehe yenyewe ni ya uongo: kamera inasema Januari mosi, na harusi ilikuwa Agosti.

Nimehamisha kanda kwenye kompyuta kwa miaka mingi, na jibu langu ni fupi. Kuna tarehe inayotoka yote bila kovu, na kuna isiyotoka ila kwa kubadilishwa na kitu kingine. Jua kwanza yako ni ipi. Watu wengi hupoteza siku mbili wakifuta kitu ambacho kingezimwa kwa kitufe kimoja.

## Kwanza: tarehe iko kwenye kanda, au kwenye mashine?

Kamera za kanda ndogo za kidijitali, yaani MiniDV na Digital8, haziandiki tarehe juu ya picha. Huihifadhi kando, kama maelezo yanayosafiri pamoja na picha. Unapocheza kanda, kamera ndiyo inayoyachora maelezo hayo juu ya picha, ukitaka. Kwa hiyo ukiona tarehe kwenye faili lililotoka MiniDV, mara nyingi aliyekuhamishia alitumia waya wa njano, mwekundu na mweupe huku kamera ikiwa imewasha maandishi. Tarehe imeingia siku ya kuhamisha. Kwenye picha ya kanda haimo.

VHS, VHS-C na Video8 ni habari nyingine. Mpiga picha alibonyeza kitufe cha tarehe wakati wa kurekodi, na namba zikaandikwa ndani ya picha yenyewe. Kilichokuwa nyuma yake hakikurekodiwa popote.

Namna ya kupambanua:

- Cheza kanda kwenye kamera, kisha bonyeza DATA CODE au DISPLAY, kwenye kamera au kwenye rimoti. Namba zikipotea, shida yako imekwisha.
- Ikiwa kanda ni ya VHS na inachezwa kwenye deki, tarehe imo ndani ya picha. Deki haijui harusi ilikuwa lini.
- Ukiwa na faili tu bila kanda, tafuta mahali picha inapotetemeka au kuchanika kwa uchakavu. Namba zikitetemeka pamoja na picha, zimo kwenye kanda. Zikitulia tuli huku picha ikiyumba, zilichorwa na mashine iliyokuwa ikicheza.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokiamini zaidi, na hakihitaji mashine yoyote.

Ikiwa tarehe ni ya mashine, rudi kwenye kanda uihamishe upya. Njia bora ni tundu la kamera lililoandikwa DV au i.LINK, kwa waya wa fayawaya. Hapo video hupita kama ilivyo, bila kuchorwa kitu. Ukilazimika kutumia waya wa njano kwenye kamera ya Sony, ingia kwenye menyu, tafuta DISPLAY, uchague LCD badala ya V-OUT/LCD. Maandishi yatabaki kwenye kioo cha kamera na hayatakwenda kwenye kompyuta.

"Lakini kanda nilishaitupa." Basi endelea kusoma, uko kundi moja na wenye VHS.

## Kabla ya kugusa chochote

Usifanyie kazi faili la pekee ulilo nalo. Nakala yenye tarehe ibaki, hata kama inakukera. Kanda ikihusu mgogoro wa mirathi au shamba, au jambo lolote linaloweza kufika mahakamani, usiifute tarehe kabisa. Video iliyofutwa maandishi itakuletea maswali ambayo hukuwa nayo.

Tumia faili lililobanwa kidogo kuliko yote. Video ikibanwa sana, kila namba huzungukwa na vumbi la vijisanduku, na kazi yako inakuwa kufuta namba pamoja na vumbi lake. Kwa sababu hiyohiyo, ondoa tarehe kwanza, ndipo ukuze picha, usafishe chenga au urekebishe rangi. Anayeikuza picha kwanza anaikuza na tarehe.

## Njia ya kwanza: kukata chini

Njia hii hudharauliwa, ila mara nyingi ndiyo safi kuliko zote, kwa sababu haibuni kitu.

Picha ya zamani ni ya uwiano wa 4:3, na runinga za leo ni 16:9. Ukiikata ijae runinga, unabaki na robo tatu ya kimo. Katika mfumo wa PAL tuliokuwa nao Afrika Mashariki, picha ina mistari 576, hivyo unabaki na 432 na kutupa 144.

Kosa linalofanyika ni kukata sawasawa juu na chini, 72 na 72, kama programu nyingi zinavyofanya zenyewe. Tuseme tarehe imekaa kati ya mstari wa 470 na wa 530. Ukikata sawasawa, picha inaishia mstari wa 504. Umekata vichwa vya watu, na nusu ya tarehe ingali inakuchungulia. Kata mistari yote 144 kutoka chini: picha inaishia mstari wa 432, vichwa viko salama, tarehe haipo. Unachopoteza ni miguu na zulia.

Haifai pale jambo lenyewe linapokuwa chini: sinia la pilau, mtoto anayetambaa, mikono inayotia saini cheti. Pitia kanda nzima kwanza. Usiangalie dakika tano za mwanzo ukaamua.

## Njia ya pili: kiraka kutoka kanda ileile

Wapiga picha wengi waliwasha tarehe mwanzoni mwa tukio, wakaizima baada ya nusu dakika. Kama kamera ilikuwa juu ya kigoda na haikusogea, unacho kipande cha pazia au ukuta uleule, safi, sekunde chache mbele. Kichukue kama picha tuli, ukate kipande chenye ukubwa wa tarehe, ukibandike juu ya sehemu chafu katika programu yoyote ya kuhariri yenye safu mbili za video. Lainisha kingo kidogo.

Kamera ikiwa mkononi, achana nayo. Kiraka kitatulia huku ukuta unaogelea.

## Njia ya tatu: stensili

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na nitaieleza kwa kanda moja niliyoifanya.

Dada mmoja aliniletea kanda ya VHS-C ya harusi ya mama yake, Tanga, dakika 41. Kamera ililetwa na mjomba kutoka Maskati. Chini kulia kulikuwa na mistari miwili: juu PM na saa, chini AUG.16 1997. Bibi yake alikuwa ameshikilia kwamba nikaha ilifungwa alasiri, saa kumi na robo, na kamera inasema PM 5:14. Bibi hakukosea. Saa ya kamera ilikuwa bado ya Omani, iliyo mbele yetu kwa saa moja. Ndiyo maana yule dada aliitaka itoke: kila ndugu aliyeangalia alianzisha ubishi upya.

Njia ya haraka ingekuwa kufunika mstatili mzima wa tarehe kwa kichujio cha delogo. Hicho huchukua rangi za ukingoni mwa mstatili na kuzivuta kuelekea katikati. Kwenye mstatili mkubwa kinaacha doa kama mvuke kwenye kioo, na doa hilo linatembea na picha dakika 41. Macho hulifuata kuliko yalivyofuata tarehe.

Stensili ni tofauti: unaiambia programu ibadilishe pikseli za namba tu, na kuacha nafasi zilizo kati ya namba kama zilivyo. Kwa namba nyembamba, programu inaziba mapengo ya pikseli chache tu kila moja. Nilitumia FFmpeg, ambayo ni ya bure, na kichujio chake cha removelogo.

Kutengeneza stensili. Tafuta mahali penye giza ambapo tarehe imewaka. Kanda nyingi zina sekunde kadhaa ambapo mpiga picha alisahau kifuniko cha lenzi. Kwenye kanda hii ilikuwa dakika ya tatu: sekunde sita za weusi mtupu, sauti ya wanawake wakicheka, na namba zinang'aa peke yake. Nilitoa fremu moja:

```
ffmpeg -ss 00:03:10 -i kanda.avi -vf "bwdif=mode=send_field" -frames:v 1 fremu.png
```

Nikaifungua kwenye GIMP na kufanya haya:

1. Colors, kisha Threshold, mpaka namba ziwe nyeupe kabisa na mengine yote meusi.
2. Filters, Generic, Dilate, mara mbili, ili weupe unenepe kidogo. Rangi za VHS huvuja pembeni mwa namba, na stensili nyembamba huacha mzimu wa namba ukielea.
3. Brashi nyeusi, kufuta kila doa jeupe lisilo la tarehe. Chini kabisa ya picha za VHS huwa na mistari michache ya vurugu. Ikibaki nyeupe kwenye stensili, programu itaifuta nayo.
4. Kuhifadhi kama PNG yenye ukubwa uleule wa video, 720 kwa 576. Ukiubadilisha ukubwa, programu itakataa.

Mstari wa tarehe haubadiliki, hivyo fremu moja inatosha. Mstari wa saa ndio unaowaponza watu. Wanatengeneza stensili kutoka fremu ya 4:58, na ikifika 5:12 namba mpya zinatokeza kwenye mapengo. Herufi PM na nukta mbili zinabaki na umbo lake, lakini kila nafasi ya namba inayobadilika ijazwe mstatili mdogo mweupe, uenee namba yoyote kuanzia 0 hadi 9. Kwenye kanda hii ilikuwa mistatili mitatu: mmoja wa saa, miwili ya dakika.

Huna fremu ya giza? Kuza fremu ya kawaida na uzichore namba kwa mkono. Ni nusu saa ya kuumiza macho, lakini inafanyika.

Kuisafisha. Video ya kanda imesukwa: kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri. Ukifuta tarehe kabla ya kuzitenganisha, programu inachanganya rangi za nyakati mbili, na penye mwendo utaona meno kama ya kitana. Kwa hiyo bwdif inatangulia, inatoa fremu 50 kwa sekunde, ndipo stensili inafuata. Jaribu kwanza dakika moja:

```
ffmpeg -ss 00:10:00 -t 60 -i kanda.avi -vf "bwdif=mode=send_field,removelogo=f=stensili.png" -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k jaribio.mp4
```

Namba ya crf ikiwa ndogo, ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Kwa kanda za familia, 16 inatosha na kubaki.

## Jaribio limeharibika: soma dalili

- Ukiona kivuli cha namba, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni vibaya, stensili ni nyembamba. Rudia Dilate mara moja.
- Namba zikitokeza upande mmoja kila baada ya muda, picha inayumba kulia na kushoto. Huo ni uchakavu wa kanda au wa deki. Dawa bora ni kuihamisha upya kwa deki yenye kurekebisha muda wa mistari, ile inayoitwa TBC. Dawa ya pili ni kuinenepesha stensili kwa upana, pikseli mbili tatu kila upande, na kukubali ukungu kidogo zaidi.
- Ikiwa ni safi mwanzoni lakini tarehe imehama katikati ya kanda, huenda kamera mbili zilitumika, au kanda ilihamishwa kwa vipande. Kila sehemu itahitaji stensili yake.
- Ukungu ukionekana mahali ambapo hapakuwa na tarehe, mpiga picha alikuwa ameizima na wewe unafuta hewa. Weka mipaka ya muda, kama nitakavyoonyesha hapa chini.

## Sekunde 24 za hina

Kwenye zulia, kwenye pazia la rangi moja, kwenye kanzu nyeupe, stensili ilifanya kazi mpaka yule dada akaniuliza kama nimebadilisha kanda. Kisha ikafika dakika ya 18 na sekunde 42. Kamera imekaribia mkono wa bi harusi uliopigwa hina mbichi, maua madogo madogo mpaka kwenye kucha, na tarehe ilikuwa imekaa juu ya vidole vyenyewe.

Stensili haikuweza kubuni maua. Iliacha vidole vimepauka, kama hina imeoshwa kwa sabuni upande mmoja. Kukata chini nako hakufai, kwani mkono wote uko chini. Kiraka hakipo, kwa sababu mkono unasogea. Nilimwonyesha yule dada matoleo mawili, akamwita mama yake. Mama aliangalia mara tatu, akasema, "Mwanangu, acha hiyo namba. Mkono wangu naujua."

Tukaacha tarehe kwa sekunde hizo 24 tu:

```
removelogo=f=stensili.png:enable='not(between(t,1122,1146))'
```

Namba hizo ni sekunde tangu mwanzo wa video: dakika 18 na sekunde 42 ni 1122. Jihadhari na kitu kimoja kilichonipotezea usiku mzima. Ukijaribu kipande kwa kutanguliza -ss kama pale juu, saa ya video inaanza upya kutoka sifuri, na mipaka yako yote inapotea njia. Mipaka ijaribiwe kwenye video nzima.

Tarehe ikitokea ghafla na kupotea, inashtua? Kidogo. Lakini inashtua kidogo kuliko mkono ulioyeyuka. Kanuni yangu binafsi: namba ikikaa juu ya uso au mkono wa mtu, na mtu huyo ndiye sababu ya picha kupigwa, namba inabaki.

## "Siwezi tu kuweka maua juu yake?"

Unaweza. Jina la familia au pambo dogo likiwekwa juu ya tarehe kwenye pembe hiyo hiyo ni njia halali, na studio nyingi za harusi zilifanya hivyo tangu enzi za kuhariri kwa deki mbili. Ubaya wake ni kwamba umefunika eneo kubwa kuliko tarehe yenyewe. Kwa kipande cha dakika moja cha kuonyesha ukumbini, sina ubishi nayo. Kwa kanda nzima ya kumbukumbu, hapana.

Kitu kisichokubalika ni kuiziba kwa mstatili mweusi. Tarehe ilikuwa na uwazi kati ya namba, mstatili hauna.

## Ukishamaliza

Habari ya siku ile isipotee pamoja na namba. Iandike kwenye jina la faili, mwaka ukitangulia ili mafaili yajipange: 1997-08-16_harusi_Tanga.mp4. Iandike pia kwenye kasha la kanda, pamoja na neno kama saa ya kamera ilikuwa mbele, nyuma, au imekufa. Kamera nyingi zilikuwa na kibetri kidogo cha duara cha kutunza saa. Kikiisha, tarehe hurudi Januari mosi ya mwaka wa kiwandani, na kuna familia zenye harusi nne, zote za Januari mosi. Hizo hazina haja ya kusitasita: tarehe ya uongo itoke, ya kweli aulizwe mzee aliyekuwepo, angali hai.

Na kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, mpigie simu umuulize kama anayo deki au kamera ya kuchezea kanda yako. Akiwa nayo, mpelekee kanda yenyewe. Usimtumie kipande ulichopokea kwa WhatsApp. Hicho kimebanwa mara mbili, na vumbi lake halitoki kwa stensili yoyote.